Tafuta Mlingoti Kwanza: Kusoma Mabango ya Kikorea Kutoka Kwenye Picha

Picha iliingia kwenye simu yangu saa kumi alfajiri. Huko Korea Kusini ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda, na mpwa wangu, aliyekwenda kule kwa mafunzo ya miezi mitatu, hakuwa na habari kwamba watu wengine wamelala. Siku hiyo walikuwa wametembezwa Everland, bustani kubwa ya burudani iliyoko Yongin, kusini mwa Seoul. Kwenye picha palikuwa na bango, na juu ya bango visanduku vitatu vya maandishi: 사파리. Chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Hapa wanasema nini?"

Nikamjibu marahaba, nikamwambia asome mwenyewe.

"Mjomba, mimi michoro siwezi."

Hapo usingizi ukaniisha. Niliwahi kusoma Korea miaka ya nyuma, na kama kuna kauli inayonikera ni hiyo ya kuyaita maandishi yao michoro. Maandishi ya Kichina ndiyo yanayomtaka mtu akariri alama moja moja, maelfu kwa maelfu. Hangul, yaani maandishi ya Kikorea, ni alfabeti kama hii unayoisoma sasa. Ina herufi za msingi 24, konsonanti 14 na irabu 10. Kinachomchanganya mgeni ni upangaji tu. Sisi tunazipanga herufi kwenye foleni, moja nyuma ya nyingine. Wakorea wanazikusanya herufi za silabi moja ndani ya kisanduku kimoja, halafu visanduku ndivyo vinavyopanga foleni.

Nikamwambia aikuze picha na atafute kitu kimoja tu katika kila kisanduku: mlingoti. Akauona. Katika visanduku vyote vitatu kuna mstari mrefu uliosimama upande wa kulia. Katika viwili vya kwanza mlingoti una kijiti kinachotokeza kulia, ㅏ, na hiyo ni "a". Katika cha tatu mlingoti ni mtupu, ㅣ, na hiyo ni "i". Basi tayari tuna a, a, i. Kilichobaki ni kuuliza nani ameketi kushoto kwa kila mlingoti. Wa kwanza ni ㅅ, kama mtu aliyepanua miguu: "s". Wa pili ni ㅍ: "p". Wa tatu ni ㄹ, nyoka aliyejikunja: "r".

Sa. Pa. Ri.

Simu ikanyamaza kidogo. Kisha: "Safari? Hii safari yetu?"

Ndiyo, hiyo hiyo. Neno letu, lenye asili ya Kiarabu, walilichukua Waingereza wakalifanya la kuwindia na kutazamia wanyama, na kutoka kwao likazunguka dunia hadi kwenye eneo la simba na dubu huko Yongin. Wakorea hawana sauti ya "f", kwa hiyo waliipokea kwa "p". Mpwa wangu alikuwa amesimama mbele ya neno la Kiswahili, analiita mchoro.

Nimesimulia kisa hiki kwa sababu ndani yake mna njia nzima ya kusoma bango usilolijua. Hukariri bango, unalifungua. Na unaanza na irabu, kwa kuwa ndiyo uti wa mgongo wa kisanduku.

Irabu ya Kikorea ama imesimama kama mlingoti, ama imelala kama mkeka. Iliyosimama hukaa kulia kwa konsonanti yake, na iliyolala hutandikwa chini yake. Kijiti kifupi ndicho kinachotaja sauti. Kwenye mlingoti, kijiti kikitokeza kulia, ㅏ, ni "a". Kikitokeza kushoto, ㅓ, ni sauti ambayo hatuna, kati ya "a" na "o", midomo ikiwa imelegea. Kwenye mkeka, kijiti kikielekea juu, ㅗ, ni "o". Kikielekea chini, ㅜ, ni "u". Mkeka mtupu, ㅡ, ni sauti nyingine ambayo hatuna: tamka "u" huku umekenua meno kama unayepigwa picha. Vijiti vikiwa viwili badala ya kimoja, ongeza "y" mbele: ㅑ ni "ya", ㅛ ni "yo". Zipo na nyingine za kuunganisha, ila ukiwa na hizi umeshapata sehemu kubwa ya mji.

Konsonanti nazo zina mantiki. Mfalme Sejong alikamilisha alfabeti hii mwaka 1443 na kuitangaza mwaka 1446, kwa sababu hadi wakati huo Wakorea waliandika kwa alama za Kichina ambazo raia wa kawaida hakuweza kuzimudu. Zilikuwa herufi 28. Nne zimekufa njiani. Kwa muda mrefu watu walibahatisha maumbo yake yalitoka wapi, na wapo waliodai kwamba mfalme aliyaiga kwenye fito za madirisha. Mwaka 1940 ikaibuka nakala ya kitabu kilichoandikwa na wasomi wake mwenyewe, na maelezo yamo humo: maumbo ni ya kinywa. Herufi ㄴ, yaani "n", ni ulimi ulioinua ncha kugusa nyuma ya meno. ㄱ, "k" au "g", ni shina la ulimi lililopanda kuziba koo. ㅁ, "m", ni kinywa. ㅅ ni jino. ㅇ ni koo lenyewe, duara tupu.

Pumzi ikiongezeka, unaongezwa mstari. Kwenye ㄱ ukiongeza mmoja unapata ㅋ, "k" yenye pumzi. Kutoka ㄴ unapata ㄷ, kisha ㅌ. Kutoka ㅅ unapata ㅈ, "j", kisha ㅊ, "ch". Msomaji wa Mombasa hatashangaa na habari ya pumzi, kwani katika Kimvita paa la nyumba na paa wa porini havitamkwi sawa: yule mnyama hutoka na pumzi. Tofauti kama hiyo ndiyo inayotenga ㅂ na ㅍ.

Duara, ㅇ, linahitaji neno lake. Kila kisanduku lazima kianze na konsonanti, hata kama silabi inaanza kwa irabu. Hapo duara huwekwa kushika nafasi tu, halitamkwi, kama mtu aliyewekewa kiti msikitini aketi na asiseme neno. Kwa hiyo 아 ni "a" basi. Lakini duara hilo hilo likiteremka chini ya kisanduku huwa ni "ng'", ile ile ya ng'ombe. Wageni wengi kutoka kwingine hutaabika na sauti hiyo. Sisi tumezaliwa nayo.

Nimesema "chini ya kisanduku", na hapo ndipo Kikorea kinapoachana na Kiswahili. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu: ba, be, bi, bo, bu, ile chati tuliyoiimba darasa la kwanza. Silabi ya Kikorea inaweza kufungwa na konsonanti, na konsonanti hiyo hukaa chini kabisa, imebeba wenzake. Wao huiita bachim, maana yake kitu cha kuegemeza. Mimi nitaiita kitako. Ukiwa na konsonanti 19 za kuanzia (zikiwemo zile za kurudiwa), irabu 21 (zikiwemo za kuunganisha) na namna 28 za kumalizia (vitako 27 au kutokuwa nacho), unapata 19 × 21 × 28, yaani visanduku 11,172. Ndiyo sababu macho ya mgeni huona msitu. Lakini kila mti umejengwa kwa vijiti vile vile.

Chukua neno ambalo kila msafiri atalihitaji kabla ya siku kwisha: 화장실. Visanduku vitatu, silabi tatu. Cha kwanza kina mkeka wenye kijiti juu na pia mlingoti wenye kijiti kulia: ㅗ na ㅏ pamoja, "o" na "a" zikitamkwa haraka mpaka zinakuwa "wa". Aliyeketi juu ya mkeka ni duara lenye kofia, ㅎ, "h". Basi ni "hwa". Cha pili: mlingoti "a", kushoto ㅈ, chini duara. Jang'. Cha tatu: mlingoti mtupu, kushoto ㅅ, chini yule nyoka ㄹ, ambaye akiwa kitako hutamkwa "l". Ungesema "sil", ila "s" ikikutana na "i" huwa "sh". Hwa-jang'-shil. Kwa maana ya asili ni chumba cha kujipodolea, na kwa matumizi ni choo. Mlangoni utakuta ama 남, wanaume, ama 여, wanawake. Hivyo viwili vikariri tu kama picha, maana hapo si mahali pa kusimama ukichambua irabu.

Sasa tuje kwenye picha, kwa sababu picha ina hila zake.

Hila ya kwanza ni ukungu. Picha ikipigwa kutoka ndani ya basi linalokwenda, kinachopotea kwanza ni vile vistari vifupi, na tumeona kwamba vistari vifupi ndivyo vinavyobeba maana. Mpwa wangu aliniletea picha ya ukuta wenye visanduku vinne. Tatu zilisomeka: 주, kisha pengo, kisha 금지. Kwenye pengo palikuwa na mlingoti "a" na kushoto kwake kitu chenye miguu miwili, kichwani pameyeyuka. Herufi yenye miguu miwili inaweza kuwa ㅅ, ㅈ au ㅊ, ndugu watatu wanaotofautiana kwa mstari mmoja mmoja. Basi unawajaribu wote katika kamusi. 주사, jusa, ni sindano ya hospitali. 주자, juja, ni mkimbiaji. 주차, jucha, ni kuegesha gari. Na 금지, gumji, ni marufuku. Ukuta ulikuwa kando ya geti, na gari la mpwa wangu na wenzake lilikuwa limesimama hapo hapo. Sindano haikuwezekana, mkimbiaji hakuwezekana. Walilihamisha.

Jambo la kukumbuka hapo ni kwamba ukungu haukupeleki popote tu. Unakupeleka kwa ndugu wa herufi ile. ㄱ iliyofifia inaweza kuwa ㅋ, lakini haiwezi kuwa ㅁ. ㅏ inaweza kuwa ㅑ au ㅣ. Ukilijua hilo, dhana zako zinapungua kuwa mbili au tatu, na kamusi inamaliza shughuli.

Hila ya pili ni kioo. Mabango mengi ya maduka na migahawa hubandikwa kwenye mlango wa kioo, na msafiri aliyekwisha kula hupiga picha akiwa ndani. Maandishi yanageuka kushoto kulia. Kwa maandishi yetu ungegundua mara moja, lakini kwa Hangul mgeni hagundui, maana ㅏ ikigeuzwa inakuwa ㅓ, herufi halali kabisa, na 요 ikigeuzwa inabaki 요. Kuna dalili mbili. Mlingoti hausimami kamwe kushoto kwa konsonanti yake. Ukiuona kushoto, picha imegeuka. Na ㄷ mdomo wake hutazama kulia siku zote. Ukiuona unatazama kushoto, geuza picha. Mlango mmoja niliopigiwa picha hivyo ulikuwa umeandikwa 당기세요, dang'-gi-se-yo, yaani tafadhali vuta. Mwenzake ni 미세요, sukuma.

Hila ya tatu ni picha ya juu chini, hasa ya vitu vilivyolala: tiketi mezani, maandishi yaliyopakwa barabarani. Wakorea wenyewe hutaniana juu ya hili. Neno 문, mun, ni mlango. Ligeuze kichwa chini: ㅁ inabaki ㅁ, kijiti cha mkeka kilichoelekea chini kinaelekea juu, na ㄴ inakuwa ㄱ. Unapata 곰, gom, dubu. Mwanafunzi akiishika tasnifu yake, 논문, kichwa chini, anapata 곰국, supu ya mifupa iliyochemshwa kutwa. Dawa ya hili ni kutafuta kisanduku chenye mlingoti mahali popote kwenye picha hiyo. Mlingoti ukiwa kulia, picha imesimama sawa.

Mwandiko nao una vituko vyake. Kofia ya ㅎ na ya ㅊ huweza kuwa kistari kilicholala au kilichosimama, na ni herufi ile ile. ㄹ ya mkono wa haraka hufanana na tarakimu 2. Mwaka 1985 msanifu Ahn Sang-soo alitoa mwandiko wa chapa usioijali mipaka ya kisanduku, ambao vitako vyake huning'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba, na mabango mengi ya mikahawa hupenda mtindo wa aina hiyo. Usibabaike. Mlingoti uko pale pale. Bango la wima lisome kutoka juu kwenda chini. Na ukikuta ubao juu ya lango la kasri la kale, kama lango la Gwanghwamun katikati ya Seoul, alama zake ni za Kichina na husomwa kulia kwenda kushoto. Ubao huo si somo la leo.

Ukishavifungua visanduku, viandike kwenye simu. Ongeza kibodi ya Kikorea. Konsonanti ziko kushoto, irabu kulia. Gusa herufi moja moja kwa mpangilio wa kusoma, kwanza konsonanti, kisha irabu, kisha kitako, na simu yenyewe itazikunja ziingie kisandukuni. Kwenye kibodi ya kompyuta, neno 한글, yaani Hangul lenyewe, ni vitufe sita, na ukisahau kubadili lugha utaona `gksrmf`.

Mpaka hapa unaweza kusoma kilichoandikwa. Lakini kilichoandikwa si lazima kiwe kinachotamkwa, na hapo mpwa wangu aliumbuka.

Alitakiwa kubadili treni kwenye kituo cha 왕십리. Alijisomea vizuri kwenye picha ya ramani, hatua kwa hatua kama nilivyomfundisha: mlingoti wenye mkeka, wa, duara chini, ng', wang'. Kisha ㅅ, ㅣ, kitako ㅂ: ship. Kisha ri. Akamsogelea bibi mmoja kwenye jukwaa la treni, akainama kidogo kama alivyoelekezwa, akauliza: "Wang'shipri?" Bibi akatikisa kichwa. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna. Mwisho akampa simu aangalie picha, na bibi akacheka: "Aa, Wang'shimni!"

Akanipigia kulalamika kwamba nimemfundisha vibaya, na kwamba hata herufi za Kilatini chini ya jina la kituo zimeandikwa Wangsimni, bila "p" na bila "r", kwa hiyo ama bango lina kosa ama mimi.

Hakuna aliyekosea. Mfikirie mtoto wa Kiswahili. Tuna "-baya", lakini nyumba ni mbaya. Tuna "-refu", lakini nyumba ni ndefu. Ile "n" ya ngeli ilipokutana na "b" ikageuka "m", na "r" ilipokutana na "n" ikageuka "d". Sauti zikigusana zinabadilishana tabia, na sisi huandika matokeo. Wakorea wana mambo hayo hayo kinywani, tofauti ni kwamba wao huandika asili. Katika 왕십리, ㄹ imekuja nyuma ya ㅂ, na mahali hapo hutamkwa "n". Sasa ㅂ imejikuta mbele ya "n", nayo inapita puani na kuwa "m". Ship-ri inakuwa shim-ni. Lakini maandishi hayabadiliki, kwa sababu 십 ni kumi na 리 ni kipimo cha umbali, na msomaji anatakiwa aione kumi pale. Hadithi ya mahali hapo inasema mtawa Muhak, akitafuta kiwanja cha kujenga mji mkuu, aliambiwa aende ri kumi mbele, kama kilomita 4. Jina limebeba hadithi hiyo, na tahajia imeitunza.

Seoul imejaa majina ya namna hii. 종로 inaandikwa jong'-ro na kutamkwa Jong'no. 독립문, lango la uhuru, linaandikwa dok-rip-mun na kutamkwa Dong'nimmun. Humo sauti tatu zimegeuka mfululizo. Kwa msafiri kanuni inayotosha ni hii: vitako vya "k", "t" na "p" vikifuatwa na "n" au "m" hupita puani, vikawa "ng'", "n" na "m". Na ㄹ ikiwa nyuma ya kitako, isipokuwa ㄴ au ㄹ mwenzake, huwa "n". Kwa hiyo kwenye kamusi andika unachokiona. Kwa dereva wa teksi sema unachokisikia, au ufuate zile herufi za Kilatini za chini, kwa kuwa tahajia rasmi ya Kilatini inayotumika tangu mwaka 2000 huandika matamshi.

Kuna kikwazo kimoja ambacho kusoma peke yake hakukitatui. Mpwa wangu alifika kwenye mgahawa saa tisa alasiri, mlangoni kibao: 준비중. Akasoma bila shida, jun-bi-jung', akaangalia kamusi: "maandalizi yanaendelea". Akafurahi. Chakula kinaandaliwa, basi asubiri. Alisubiri karibu saa mbili. Kibao hicho maana yake ni kwamba tumefunga kwa sasa, hatujawa tayari kupokea wateja. Migahawa mingi hupumzika kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Kile alichopaswa kukitafuta ni 영업중, biashara inaendelea. Kisanduku cha mwisho, 중, ni sawa na ile "na" yetu ya "inaendelea", na utakiona pia kwenye 공사중, ujenzi unaendelea. Kitu kinachoendelea ndicho kinachotaja kama utakula au hutakula.

Upande wa pili, kuna mabango ambayo ukiyasoma kwa sauti yanajitafsiri yenyewe, kwa sababu Wakorea wamekopa maneno kule kule tulikokopa sisi na kuyavunja kwa namna inayofanana. Sisi tulipochukua neno la Kiingereza la basi tuliliwekea "i" mwishoni. Wao, 버스, waliliwekea ile "u" ya kukenua. 택시 ni tekshi, nawe umeshaelewa. 호텔 ni hotel. Wao wana kitako cha kulifungia, sisi hatuna, ndiyo maana yetu ni hoteli. Ukikwama kwenye bango la dukani, litamke pole pole mara tatu kabla ya kwenda kwenye kamusi. Mara nyingi neno litakujia sikioni kabla halijakujia machoni.

Wiki iliyopita imekuja picha nyingine. Safari hii saa mbili usiku, kijana amejifunza kuhesabu tofauti ya saa sita. Ni orodha ya bei ya duka la kahawa huko Seoul, na katika mistari ya kahawa za kuchuja kuna miwili aliyoizungushia wino mwekundu. Hakuuliza maana yake. Mmoja umeandikwa 케냐. Mwingine umeandikwa 탄자니아. Tafuta mlingoti.